Aliniposa akiwa mgonjwa wa kufa. Je, mimi ni mrithi?

Assalaamu alaykum mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mkaazi wa Lamu, niliyekwisha kuachika mara moja. Niliposwa na mtu mzima mwenye saratani ya ini. Alikuwa na mke na watoto watano: wavulana wawili wakubwa na wasichana watatu, mdogo wao ana miaka 13. Madaktari walikuwa wamemwambia hakuna tiba tena ila dawa ya maumivu. Baba yangu ni marehemu, kwa hiyo kaka yangu ndiye aliyeniozesha, nyumbani kwetu Langoni, mbele ya sheikh na mashahidi. Mahari ilitajwa 500,000. Alitoa 50,000, nyingine akasema atamaliza akiuza mashua. Nilimuuguza karibu miezi mitatu. Hatukuingiliana, hali yake haikuruhusu.

Tangu tulipozika maneno hayeshi. Mwanawe mkubwa anasema ndoa ya mtu anayekufa haina urithi. Amemsikia rafiki yake aliyesomeshwa na walimu wa Kimaliki. Jirani naye akasema maadamu hakuniingilia sina changu. Mke mwenzangu hasemi kitu, lakini hanitazami usoni. Juzi wameniletea karatasi nitie sahihi, nipewe 80,000 na nitoke kwenye chumba cha juu cha nyumba ya marehemu ninamokaa eda. Sikumfuata kwa ajili ya mali. Naona haya kudai, na kunyimwa kunaniuma. Nina haki? Na kama ninayo, niidai au niwaachie?

Mjane, Lamu

*

Wa alaykumu salaam dadangu. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na akupe subira. Kabla ya lolote, karatasi hiyo iweke kwanza. Usitie sahihi hata kama wanakuhimiza, mpaka umalize kusoma haya na umpate mtu wa kukusomea maneno yake yote, mstari kwa mstari. Nitakuja kwenye sababu yake.

Kijana wa watu hakusema uongo. Katika madhehebu ya Maliki, ndoa aliyoifunga mgonjwa katika maradhi yaliyomuua haisimami, na wawili hao hawarithiani. Hoja yao ni kwamba mgonjwa wa aina hiyo mali yake imeshafungamana na haki za warithi wake, basi hana ruhusa ya kuwaingizia mrithi mpya mlangoni. Jirani naye ana pa kushika: kwa mashia Ithnaashari, mgonjwa akioa kisha akafa kwa maradhi yaleyale kabla ya kumwingilia mke, mke hapati mahari wala urithi. Kwa hiyo wote wawili wamekupa fikihi ya kweli, ila si ile inayofuatwa na watu wenu. Pwani yetu ni ya Shafii, makadhi wetu kwa kawaida huhukumu kwayo, na kwa Shafii, kama kwa Hanafi na Hanbali, ugonjwa wa mauti hauibatilishi ndoa. Mgonjwa anaoa kama mzima anavyooa, na mkewe anamrithi.

Imamu Shafii mwenyewe aliizungumzia mas'ala hii katika kitabu chake al-Umm, na alileta habari ya Muadh bin Jabal aliyesema katika maradhi yake ya mwisho: niozesheni, nisije nikakutana na Mwenyezi Mungu nikiwa sina mke. Akaleta pia ya Abdurahman bin Ummul-Hakam, ambaye akiwa mgonjwa alimtaka mkewe akubali kutolewa katika urithi. Mke alipokataa, akaoa wengine watatu juu yake, kila mmoja kwa mahari ya dinari elfu. Khalifa Abdulmalik bin Marwan akazipitisha ndoa hizo na kuwashirikisha wake wote katika thumni moja, yaani moja ya nane ya mali. Ishike habari hiyo ya pili, kwa sababu humo ndimo ulimofichika mzozo wenu, na sidhani wewe wala watoto mmeuona bado.

Kuhusu kutoingiliana: Aya ya 12 ya Suratun-Nisaa imetaja wake bila kuweka sharti hilo. Na ipo hadithi ya Barwa binti Washiq, aliyefiwa na mume kabla ya kuguswa na kabla hata mahari haijatajwa. Ibn Masud alipoulizwa mas'ala ya namna hiyo alitoa rai kuwa mwanamke apate mahari ya wanawake mfano wake, akae eda, na arithi. Maqil bin Sinan akasimama akashuhudia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alihukumu hivyohivyo kwa Barwa. Kifo kinaithibitisha mahari yote kama vile kuingiliana kunavyoithibitisha. Ndiyo maana na eda yako ni miezi minne na siku kumi kamili, sawa na mjane yeyote. Wanaokutaka ukae eda hiyo wamekwisha kukiri, pengine bila kujua, kuwa wewe ni mjane wake.

Swali ambalo hukuniuliza, na ambalo Kadhi ataliuliza kwanza, ni hali ya akili ya marehemu saa ile ya akdi. Ugonjwa hauharibu ndoa, ila kupotewa na akili kunaiharibu. Saratani ya ini ikifika mbali huweza kumchanganya mtu: leo anakujua, kesho anakuita kwa jina la mamake. Dawa kali ya maumivu kama mofini nayo humlaza. Basi kumbuka vizuri: ni yeye mwenyewe aliyesema "nimekubali kuoa kwake", au alimwakilisha mtu? Kama ni wakili, je, marehemu alikuwa bado na akili zake wakati wakili anatamka? Uwakili huvunjika akili ya aliyeutoa ikipotea, hata kama aliutoa asubuhi akiwa mzima wa fahamu na akdi ikafungwa jioni. Mashahidi wawili waulizwe hilo sasa, wakati bado wanakumbuka: aliitaja mahari kwa kinywa chake? Aliwatambua waliokuwamo? Aliongea nini baada ya dua? Na kama siku hizo alitia sahihi fomu ya hospitali au alikwenda benki mwenyewe, hayo ni maandishi yenye tarehe, yana uzito kuliko kumbukumbu zetu.

Walii wako ni kaka yako, na baada ya baba na babu mzaa baba ndiye mwenye haki, hapo sioni dosari. Angalia tu kama sheikh aliiandikisha ndoa na kukupa cheti cha serikali. Kama bado, mfuate sasa. Kukosekana kwa cheti hakubatilishi akdi mbele ya sheria ya dini, lakini kutakulazimisha kuithibitisha ndoa kwa mashahidi kabla Kadhi hajafika kwenye urithi.

Sasa mahari, maana hapo ndipo ugonjwa wa mauti unapoleta athari kwa Shafii. Sehemu ya mahari inayolingana na mahari ya wanawake mfano wako ni deni kamili. Inalipwa kutoka katika mali kabla ya kugawa, pamoja na deni la hospitali na mengineyo. Inayozidi hapo inahesabiwa kama wasia, na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wenzake waridhie baada ya kifo. Mfano wako ni nani? Ni dada zako wa baba na mama, kisha wa kwa baba, binti za kaka zako, halafu shangazi zako, na huangaliwa umri, mji, na kuwa wewe uliwahi kuolewa. Binti wa mjomba aliyeolewa Mombasa kwa mahari kubwa hahesabiki. Tuseme dada zako waliorudi kuolewa mara ya pili walipewa 150,000. Basi katika zile 500,000, haki yako isiyo na mjadala ni 150,000. Umeshapokea 50,000, unadai 100,000. Zile 350,000 zinangoja ridhaa ya warithi. Hii ndiyo sababu nakusihi usiende mbele yao na 450,000 mkononi kama deni. Ukifanya hivyo utawapa hoja, na hoja yao hapo itakuwa na nguvu.

Tufanye hesabu nzima kwa mfano, maana hukunitajia thamani ya mali. Chukulia nyumba, shamba na mashua vimethaminiwa 4,400,000. Toa mazishi na madeni ya hospitali, tuseme 300,000, na baki ya mahari yako 100,000. Zinabaki 4,000,000. Kwa kuwa marehemu ameacha watoto, wake wanapata thumni, yaani 500,000, na hiyo ni ya wake wote kwa pamoja: 250,000 yako na 250,000 ya mke mwenzako. Zinazobaki 3,500,000 ni za watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja, jumla mafungu saba, kila fungu 500,000. Wavulana kila mmoja 1,000,000, wasichana kila mmoja 500,000.

Sasa jitoe wewe kwenye hesabu, kana kwamba hukuolewa. Toa 300,000 tu, zinabaki 4,100,000. Mke mkubwa peke yake angechukua thumni nzima, 512,500. Kila msichana angepata 512,500 na kila mvulana 1,025,000. Linganisha polepole. Kuja kwako kumempunguzia kila msichana 12,500 na kila mvulana 25,000, na hizo zote zimetokana na deni la mahari, wala si urithi wako. Mafungu ya watoto hayakuguswa hata senti na kuongezeka mke. Aliyepunguzwa ni mke mwenzako, kutoka 512,500 mpaka 250,000. Zaidi ya nusu ya haki yake imeondoka, na yeye ndiye asiyesema.

Unaona kwa nini nilikwambia uishike ile habari ya wake watatu walioletwa juu ya mmoja? Watoto wanapiga kelele kwa jambo lisilowapunguzia karibu chochote. Inawezekana wanamsemea mama yao. Inawezekana pia hawajapiga hesabu na wanadhani umekuja kula nusu ya nyumba. Mke aliyekuwa na mume wakati wa afya, akamzalia watano, akaona ugonjwa unaingia nyumbani na pamoja nao mke wa pili, ana uchungu ambao si wa fedha peke yake. Sikulaumu wewe kwa hilo. Marehemu aliruhusiwa kuoa na wewe uliruhusiwa kukubali. Nakuomba tu usiusome ukimya wake kuwa ni ubaya mpaka umemsikia.

Ile 80,000 nayo itazame kwa hesabu hiyo. Kwa mfano wetu haki yako ni 250,000 za urithi na 100,000 za mahari, jumla 350,000. Mrithi anaruhusiwa kupatana na wenzake kwa kiasi kidogo na kuachia kilichobaki, na huo ni msamaha wake, mradi anajua anaachia nini. Ila angalia karatasi imeandikwaje. Ikiwa inasema, "mimi mjane wa marehemu nimepokea kiasi kadhaa na nimeridhia," huo ni upatanisho. Ikiwa inasema, "sikuwa mke wake," au "sina ndoa na marehemu," hiyo ni kukana akdi iliyofungwa mbele ya Mungu na watu, na ukitia sahihi umejivua ndoa, mahari na heshima ya kaka yako aliyekuozesha kwa mara moja. Watu wengi huleta maneno ya pili wakiyaita ya kwanza. Tena hakikisha kuna orodha ya mali ndani yake. Kupatana juu ya fungu usilolijua ukubwa wake ndiko kunakozaa majuto na kesi.

Chumba usikihame. Kwa kauli yenye nguvu kwa Shafii, mjane ana haki ya makazi kipindi chote cha eda, na makazi hayo yanatoka katika mali ya marehemu. Nafaka huna, yaani chakula na matumizi ni juu yako, kwa hiyo usiwadai hayo. Eda ikiisha, haki ya chumba inaisha nayo. Kinachobaki ni fungu lako katika nyumba, na moja ya kumi na sita ya nyumba ya Lamu si chumba cha kufunga kwa kufuli lako. Mara nyingi warithi wengine humnunua mwenye fungu dogo kwa thamani iliyokubaliwa.

Upo mlango wa kukaa chini kwanza. Kaka yako na mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote wawaite wavulana, wawasomee hesabu kama nilivyokuandikia, kwa thamani halisi ya mali yenu. Hapo ndipo pa kuwauliza kuhusu zile 350,000 za ziada. Kila mtu mzima anaridhia kwa fungu lake tu: mwana mkubwa mwenye robo ya mali akisema "upande wangu nimeridhia wasia wa baba", unapata robo yake, 87,500, hata kama nduguye amekataa. Yule binti wa miaka 13, kama hajabaleghe, hawezi kuridhia, wala mama yake au kaka yake hawezi kuridhia kwa niaba yake. Hatari ya mlango huu ni kwamba makubaliano ya barazani husahaulika. Yaandikwe, yatiwe sahihi na mashahidi, kisha yapelekwe kwa Kadhi yawe amri ya mahakama. Bila hivyo, hata hati ya nyumba haiwezi kubadilishwa majina.

Mlango wa pili ni Mahakama ya Kadhi yenyewe, hapohapo Lamu. Utahitaji cheti cha kifo, cheti cha ndoa, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, nakala za vitambulisho, na orodha ya mali na madeni. Kwa shamba na nyumba, matokeo ya upekuzi wa ardhi yanayoonyesha jina la mwenyewe. Soma barua ya chifu kabla haijapelekwa, maana jina la mke wa pili huachwa nje hapo mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimempa Kadhi mamlaka ya urithi pale pande zote zikiwa Waislamu na zikikubali kuhukumiwa naye. Watoto wakikataa kufika kwake, shauri linaweza kwenda Mahakama Kuu, na huko nako mali ya Muislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Wakati huohuo hakuna mrithi, wao wala wewe, anayeruhusiwa kuuza mashua au kukata minazi ya shamba kabla ya kupata idhini ya mahakama. Kuingilia mali ya marehemu hivyo ni kosa kwa sheria ya urithi ya Kenya. Ubaya wa mlango huu unaujua: muda, gharama, na majina yenu kusomwa mbele ya watu. Na huko swali la akili ya marehemu litaulizwa bila kumung'unya maneno. Kama ndani ya nafsi yako unajua siku ile alikuwa hajitambui, basi jambo limegeuka, na hapo mazungumzo ya barazani ndiyo yatakayokustiri.

Na upo wa tatu, wa kuachia. Una haki ya kusamehe mahari yote au baadhi yake, na kulitoa fungu lako kwa umtakaye. Ukiona moyo wako unaelekea huko, nakushauri jambo moja la mpangilio: haki yako ithibitishwe kwanza, jina lako liandikwe kuwa mke, kisha usamehe. Na ukisamehe, taja unamsamehe nani. Ukiliachia fungu lako "warithi" kwa jumla, litatawanyika hata kwa wavulana ambao hawakupungukiwa nalo. Ukisema namrudishia mke mwenzangu kiasi kadhaa katika thumni yetu, limefika kwa yule aliyepunguziwa.

Haya ya kudai uliyoitaja naielewa, lakini iangalie vizuri inatoka wapi. Hukujiwekea fungu hilo wewe, wala marehemu hakukuwekea. Angetaka kukunyima kwa wasia asingeweza, kama vile asivyoweza kumnyima mke wake mkubwa. Unaweza kulichukua bila kuwa umemfuata mtu kwa mali, na unaweza kuliacha bila kuwa umekubali kuwa hukuwa mke. Lipi kati ya hayo litakalokulaza usingizi, wewe ndiye unayejua, na eda haijaisha; muda wa kufikiri unao.

Wiki hii fanya mawili tu: mtume kaka yako kwa sheikh akaulizie cheti, na umwombe mmoja wa mashahidi aandike anachokikumbuka cha siku ile, kwa tarehe na sahihi yake. Kisha niandikie tena ukiwa na thamani ya mali na maneno kamili ya ile karatasi, tuyasome pamoja.